Rufaa ya Alama 51

Tasnifu yangu ya shahada ya kwanza ilipata alama 51 kwa 100. Nilikuwa nimejihesabia 65, au 60 kama mambo yangeharibika. Kiwango cha chini cha kuombea shahada inayofuata kilikuwa 55, kwa hiyo zile nne zilizopungua hazikuwa suala la fahari peke yake.

Tasnifu yenyewe ilihusu namna walimu wa hisabati wanavyolipokea jibu lisilo sahihi. Mtoto anasimama, anasema saba mara nane ni hamsini na nne. Sekunde inayofuata mwalimu anafanya nini? Anamwambia akae chini? Anamgeukia mwingine? Anamwuliza amefikaje hapo? Nilirekodi vipindi 28 vya walimu 14 nikizitafuta sekunde hizo. Mtu aliyekaa mwaka mzima akichunguza jinsi wengine wanavyosahihishwa, siku aliposahihishwa yeye alirukwa na akili.

Usiku uleule niliandika barua ya rufaa ya kurasa saba. Ninayo hadi leo. Inaanza kwa "Kwa masikitiko makubwa" na haipoi hadi mwisho. Ilisema mtahini hakuisoma kazi yangu. Ilisema kuna mwenzangu, ambaye mimi ndiye niliyemsaidia kuinyoosha sura yake ya pili, amepata 68. Ilitaja homa iliyonilaza wiki mbili, ikataja barua pepe ya msimamizi wangu iliyosema kazi "imesimama vizuri", ikataja usiku nilioukesha. Mwishoni iliomba nipewe "alama ninayostahili", bila kusema ni ipi wala kwa kigezo gani.

Kabla sijaipeleka nilimpa mtu aisome: mwalimu wangu wa zamani, mama aliyestaafu baada ya kukaa miaka mingi kwenye kamati za rufaa. Aliisoma yote polepole, kalamu mkononi, bila kuandika kitu. Alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, hapa unataka nani afanye nini?"

Sikuwa na jibu.

"Na fomu ya usahihishaji umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa na jumla tu, ile 51. Nilikuwa nimeandika kurasa saba kupinga maoni ambayo sijayasoma.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Utaratibu wetu ulitoa siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na mimi nilikuwa nimeshakula tatu kwa hasira. Nikaandika barua fupi kwa ofisi ya mitihani, nikaomba vitu viwili: fomu ya usahihishaji yenye alama za kila kigezo pamoja na maoni ya mtahini, na mwongozo wa usahihishaji uliotumika mwaka ule. Hilo neno "uliotumika mwaka ule" alinipa Mwalimu, na siku nne baadaye nilielewa kwa nini. Mwongozo niliokuwa nao kwenye kompyuta, niliopewa nikiwa mwaka wa pili, uliipa sura ya mbinu alama 20. Uliotumika kunisahihisha uliipa 25, na maneno ya ngazi zake yalikuwa tofauti. Ningenukuu ule wa zamani, kamati ingekuwa na haki ya kuifunga barua yangu kwenye aya ya kwanza.

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Vigezo vitano: swali la utafiti na mapitio ya maandiko, nimepata 14 kwa 20, mbinu, 8 kwa 25, uchambuzi, 15 kwa 30, mjadala na hitimisho, 8 kwa 15, uandishi na marejeo, 6 kwa 10. Kitu cha kwanza Mwalimu alichoniambia nifanye ni kujumlisha. Nilidhani ananitania. "Rufaa rahisi kuliko zote ni ya hesabu," alisema. "Nimeona 17 iliyonakiliwa ikawa 11." Nilijumlisha mara mbili. Ilikuwa 51 kweli.

Kitu cha pili kilikuwa kusoma kanuni za rufaa zenyewe, kurasa mbili ambazo sikuwahi kuzifungua. Zilisema jambo ambalo vyuo vingi husema kwa maneno yanayofanana: rufaa haipokelewi kwa sababu tu mwanafunzi hakubaliani na uamuzi wa kitaaluma wa mtahini. Inapokelewa kama mwongozo haukufuatwa, kama kuna kosa la kunakili au kujumlisha, kama kuna upendeleo wenye ushahidi, au kama kulikuwa na hali maalumu, kama ugonjwa, iliyoripotiwa kwa wakati wake. Homa yangu sikuiripoti kwa wakati wake. Ikatoka kwenye barua siku hiyohiyo.

Iliyobaki ilikuwa njia moja: kuonyesha kwamba mwongozo haukufuatwa. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, nami nilijikwaa, kwa sababu kila maoni usiyoyapenda huonekana kama mwongozo uliovunjwa. Mwalimu alinitaka nichukue maoni ya mtahini sentensi kwa sentensi, niyagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yanayodai jambo kuhusu maandishi yangu ambalo mtu yeyote anaweza kulihakikisha kwa kufungua ukurasa. La pili ni yale ya kupima ubora. La tatu ni yale ambayo, nikiweka moyo pembeni, ni kweli.

Sentensi zilikuwa tisa. Niliandika kila moja kwenye karatasi yake. Moja ilisema: "Uchambuzi ni wa juu juu na hauna kina kinachotarajiwa." Hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote, na kwenye barua ya pili, niliyoiandika baada ya kuiona fomu, ilikuwa imekula kurasa tatu. Nilitaka kuiweka fungu la kwanza. Nilikuwa na hoja: jedwali sita, mifano kumi na tisa ya mazungumzo ya darasani, nadharia mbili. Mwalimu akaisogeza hadi fungu la pili kwa kidole.

"'Hauna kina' ni jicho lake," alisema. "Jicho la mtu huwezi kumpokonya. 'Hakuna' ni ukurasa. Ukurasa unafunguka."

Nilibishana naye kwa muda. Nilimwambia alama 15 kwa 30 ni nusu, na nusu ni matusi. Akaniuliza ningemwonyesha nani, kwenye ukurasa gani, kwamba kina kipo, na mtu huyo angelazimika kukubali bila kutumia jicho lake mwenyewe. Nikanyamaza. Zile kurasa tatu nilizifuta, na mpaka leo naamini sura ile ilistahili zaidi. Lakini imani yangu haikuwa ushahidi.

Fungu la tatu lilichukua sentensi nne, nyingi kuliko nilivyotaka kukiri. Marejeo yangu kweli yalichanganya mitindo miwili. Sura ya pili kweli ilikuwa na aya ambazo zingekatwa bila mtu kuzikosa. Mwishowe fungu la kwanza lilibaki na sentensi mbili tu. Kutoka kurasa saba za malalamiko, sentensi mbili.

Ya kwanza ilikuwa chini ya kigezo cha mbinu: "Mwandishi haelezi walimu 14 walipatikanaje, na hakuna mahali anapotambua udhaifu wa njia aliyotumia kukusanya data." Ya pili ilikuwa chini ya mjadala na hitimisho: "Hitimisho halijibu swali la pili la utafiti."

Nilifurahi. Zote mbili nilikuwa na majibu yake kichwani. Nikafungua tasnifu kwenye kompyuta, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa 88, na pale palikuwa na aya safi kabisa inayojibu swali la pili: mwalimu anapokutana na jibu ambalo halijakamilika lakini lina chembe ya ukweli, mara nyingi huiokoa ile chembe kwa kuirudia kwa sauti kabla ya kuuliza tena. Nikainakili kwenye barua. Nilikuwa naenda kulala nilipoona jina la faili: `tasnifu_mwisho_kabisa2.docx`.

Nakala niliyowasilisha haikuitwa hivyo. Niliitafuta ile PDF iliyopokelewa na ofisi, nikafungua ukurasa wa 88. Aya haikuwepo. Mahali pake palikuwa na sentensi moja, kavu: "Swali la pili limejadiliwa katika Sura ya Nne." Ile aya nzuri niliiandika wiki mbili baada ya kuwasilisha, nikiwa naitengeneza kazi ili niifanye makala, na kichwani mwangu ilikuwa imeshahamia kwenye tasnifu kana kwamba ilizaliwa humo. Ningeipeleka, kamati ingefungua nakala yake, isingeikuta, na kuanzia hapo kila nukuu yangu nyingine ingesomwa kama ya mwongo.

Kwa hiyo nasema hivi kwa anayejiandaa kuandika rufaa: ifungue nakala iliyosahihishwa, hiyo peke yake, na nyingine zifiche hata kwako mwenyewe. Nilizihamisha zote kwenye folda moja nikaibandika jina la "usiguse".

Baada ya hapo nilianza upya na PDF ile. Swali la pili lilikuwa limejibiwa, ila si kwenye hitimisho. Jibu kamili lilikuwa ukurasa wa 71, ndani ya matokeo. Kwenye hitimisho palikuwa na nusu jibu, aya ya mwisho ya ukurasa wa 87. Na mwongozo ulisema waziwazi, "Hitimisho linajibu maswali yote ya utafiti kwa kurejelea matokeo." Kwa maneno mengine mtahini alikuwa amekosea kidogo na mimi nilikuwa nimekosea zaidi. Nilifikiria kuiacha kabisa hoja hii. Mwalimu alisema niibakize, lakini niipunguze iwe na ukubwa wake halisi.

Ya mbinu ilikuwa imara. Hapa nilikutana na kitanzi kingine kidogo, nacho kimewahi kuwaharibia watu barua. Tasnifu yangu ilikuwa na kurasa 12 za mwanzo zenye nambari za Kirumi: shukrani, yaliyomo, orodha ya majedwali. Kompyuta inapoonyesha ukurasa wa 53, nambari iliyochapwa chini ya karatasi ni 41. Mjumbe mwenye nakala ya karatasi na mjumbe mwenye PDF wangefungua kurasa mbili tofauti, na mmoja wao angeona hakuna kitu. Niliandika juu ya barua sentensi moja: nambari zote za kurasa ni zile zilizochapwa chini ya ukurasa, si zile zinazoonyeshwa na programu. Kisha kila nukuu nikaipa ukurasa, aya, na kichwa kidogo cha sehemu yake.

Barua ya tatu, ile iliyopelekwa, ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Moyo wake ulikuwa hivi:

"Ninaomba kigezo cha 2 (Mbinu) na kigezo cha 4 (Mjadala na Hitimisho) vipitiwe upya na mtahini ambaye hakushiriki katika usahihishaji wa kwanza. Siombi mapitio ya kigezo cha 1, cha 3 wala cha 5.

"Hoja ya kwanza: kigezo cha 2. Nilipewa alama 8 kwa 25. Mwongozo unaiweka ngazi ya 0 hadi 9 kwa kazi ambayo 'mbinu haijaelezwa, au imetajwa bila sababu'. Ngazi ya 15 hadi 19 inahusu kazi ambayo 'mbinu imeelezwa, sababu za kuichagua zimetolewa, na mipaka yake imetambuliwa'. Maoni ya mtahini yanasema: 'Mwandishi haelezi walimu 14 walipatikanaje, na hakuna mahali anapotambua udhaifu wa njia aliyotumia kukusanya data.'

"Kuhusu walimu 14, ukurasa wa 41, aya ya 2, chini ya kichwa 'Washiriki', unasema: 'Walimu walichaguliwa kwa makusudi kwa masharti mawili: awe amefundisha hisabati kwa muda usiopungua miaka miwili, na awe tayari kurekodiwa vipindi viwili mfululizo. Kati ya walimu 23 walioombwa, 14 walikubali. Sababu za tisa waliokataa zimo katika Jedwali la 3.' Jedwali hilo liko ukurasa wa 42.

"Kuhusu udhaifu wa njia, ukurasa wa 46, aya ya 1, chini ya kichwa 'Taratibu za Kurekodi', unasema: 'Kwa kuwa walimu walijua wanarekodiwa, huenda baadhi yao walivumilia majibu yasiyo sahihi kuliko kawaida yao. Kwa sababu hiyo, kipindi cha kwanza cha kila mwalimu hakikuingizwa katika uchambuzi.'

"Sehemu hizi mbili hazionekani kuzingatiwa katika maoni yaliyotolewa. Ninaomba zilinganishwe na maelezo ya ngazi zilizotajwa hapo juu."

Hoja ya pili ilikuwa aya moja. Ilikiri kwanza kwamba jibu kamili la swali la pili liko ukurasa wa 71, nje ya hitimisho, kisha ikanukuu sentensi mbili za ukurasa wa 87, ikasema kwamba neno "halijibu" linapita kiasi, kwani hitimisho linajibu kwa sehemu. Basi.

Ukiisoma haraka utaona kama ni barua isiyo na damu. Lakini kila sentensi pale ilipiganiwa. Chukua ile ya mwisho ya hoja ya kwanza. Mimi niliandika, "Mtahini hakusoma kurasa hizi." Mwalimu akaniuliza nilikuwepo chumbani kwake akisahihisha? Nikabadilisha: "Mtahini alizipuuza kurasa hizi." Akasema hiyo ni mbaya zaidi, kwani sasa nadai alizisoma na akakusudia. Tukafika kwenye "hazionekani kuzingatiwa katika maoni yaliyotolewa", ambayo ina jambo moja tu ndani yake: maoni yako hapa, kurasa ziko hapa, tazameni. Haimtaji mtu. Mjumbe wa kamati anaweza kuikubali bila kumshtaki mwenzake anayekutana naye kila siku kwenye ngazi.

Au ile ya ngazi. Nilikuwa nimeandika kwamba kazi yangu inastahili 19. Aliikata. Kuna tofauti, alisema, kati ya kuonyesha kwamba kazi haiko kwenye ngazi ya chini na kudai alama fulani. La kwanza linatokana na maneno ya mwongozo. La pili ni kujisahihisha mwenyewe, na kamati ikiona mwanafunzi amejipa alama inaanza kubishana na nambari badala ya kufungua ukurasa.

Barua pepe ya msimamizi pia ilitoka. Hiyo niliitetea, kwa sababu nilidhani ni silaha. Mwalimu aliniuliza kama msimamizi ana mamlaka ya kutoa alama. Kwetu hana, anayesahihisha ni mtahini mwingine. Basi maneno yake ni maoni ya mtu wa pembeni, na kuyaweka mbele ya kamati ni kumsukuma kwenye ugomvi asiouomba. Alama 68 ya mwenzangu ilitoka bila mjadala. Kamati haikuwa na tasnifu yake mezani, na hata ingekuwa nayo, kazi yake haisemi chochote kuhusu ukurasa wangu wa 41.

Kiambatisho kilikuwa kurasa tano: nakala za ukurasa wa 41, 42, 46, 71 na 87, zilizotolewa kwenye PDF iliyosahihishwa, kila nukuu ikiwa na mstari wa penseli pembeni. Nilitaka kupaka rangi ya njano. Nikaona penseli inatosha. Mbele yake niliweka fomu ya usahihishaji na ukurasa mmoja wa mwongozo, ule wenye ngazi za vigezo viwili vinavyohusika. Lengo lilikuwa mjumbe asihitaji kuinuka kitini kutafuta kitu.

Kabla ya kutia sahihi kulikuwa na sentensi moja kwenye kanuni iliyoninyima usingizi: mapitio yanaweza kuongeza alama, kuziacha zilivyo, au kuzipunguza. Na kamati haikufungwa na ombi langu la vigezo viwili. Ikiamua, mtahini mpya anaweza kuipitia kazi nzima. Nikaketi nikahesabu. Kwenye uandishi na marejeo nilikuwa na 6, na mimi mwenyewe nilijua mitindo miwili ya marejeo ilikuwa imo humo, ikingoja jicho la pili. Kwenye uchambuzi nilikuwa na 15, na mtahini mwingine angeweza kuona 18 au 12. Niliona kwenye mbinu kuna nafasi ya kutosha kufidia hasara ya kawaida. Kama hoja yangu kuu ingekuwa ile ya hitimisho peke yake, nadhani nisingeipeleka rufaa kabisa.

Nilipeleka siku ya 12. Ofisini nilipewa risiti yenye tarehe na saa, nikaipiga picha papo hapo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Wiki hizo sina la kuzisimulia, zaidi ya kwamba nilifungua ukurasa wa 46 mara nyingi kuliko wakati nauandika. Barua ya kamati ilikuwa na aya mbili. Mtahini wa pili alikuwa ameipitia kazi nzima. Kigezo cha kwanza, 14 kama mwanzo. Mbinu, kutoka 8 hadi 16. Uchambuzi, 15 ileile, na maoni yake yalikuwa karibu sawa na ya mwanzo: mifano ni mizuri, lakini mwandishi anaisimulia zaidi ya kuichambua. Watu wawili ambao hawakuonana wamesema kitu kimoja kuhusu sura niliyoitetea kwa kurasa tatu. Mjadala na hitimisho, kutoka 8 hadi 9. Ile alama moja ndiyo thamani halisi ya nusu jibu la ukurasa wa 87, na sina ugomvi nayo.

Uandishi na marejeo ulishuka, kutoka 6 hadi 5. Jumla 59.

Nilidhani ile alama moja imekatwa kwa sababu ya marejeo. Nilipoisoma fomu mpya vizuri niliona marejeo yametajwa, ndiyo, lakini sentensi ya kwanza ilikuwa nyingine: "Vichwa vidogo vya Sura ya Tatu havimwongozi msomaji, mipaka ya utafiti, kwa mfano, imejadiliwa chini ya kichwa kisichoitaja." Nikafungua ukurasa wa 46. Juu ya aya niliyoinukuu kwa fahari, kwa herufi nene, palikuwa pameandikwa "Taratibu za Kurekodi". Nikarudi kwenye yaliyomo, nikapitisha kidole kwenye Sura ya Tatu kichwa kwa kichwa, kama mtahini wa kwanza alivyofanya pengine, akitafuta neno "mipaka" au "udhaifu". Halikuwepo.

Ile faili ya makala nimeitoa kwenye folda ya "usiguse". Kichwa kile sasa kinasomeka "Mipaka ya njia ya kurekodi", na sentensi ya walimu waliojua wanarekodiwa ndiyo ya kwanza chini yake.